Kaswida ya Mfungo Sita na Kiitikio Chake

Mjini Pangani, maulidi ya mtaa wetu yalisomwa nje, kando ya msikiti, chini ya matanga ya majahazi yaliyofungwa kwenye nguzo ili umande usituloweshe. Wanaume walikaa mbele juu ya majamvi, wanawake nyuma ya pazia la kanga zilizoshonwa pamoja, watoto wa chuo mbele kabisa na matwari yao. Barzanji ilisomwa kwa Kiarabu, mlango baada ya mlango, wasomaji wakipokezana, na kati ya mlango na mlango watoto waliimba kaswida. Kazi yote ilikuwa ya watu wachache wenye elimu hiyo. Waliobaki walisikiliza, wakaitikia amina, wakapakwa marashi, wakala pilau, wakaondoka. Miaka ya mwisho ya 1970, mji ulipokuwa umejaa watu waliokuja kwa kazi za mashamba ya mkonge, wazee wa mtaa walianza kuona kwamba nusu ya mkutano ilikaa kimya usiku kucha. Waliokuja kwetu kutoka bara walimpenda Mtume kama sisi, lakini hawakuwa na mahali pa kutia sauti zao.

Basi wazee walimwendea bibi yangu, dada wa bibi mzaa mama, ambaye mji mzima ulimjua kwa tungo za harusi na za hitima. Walimwomba kaswida ya Kiswahili, mpya, yenye kiitikio ambacho mtu atakayefika usiku ule ule kwa kivuko kutoka Bweni ataweza kukiimba bila kufundishwa. Ombi hilo la mwisho ndilo lililotawala kila kitu alichokifanya baadaye. Mimi nilikuwa msichana wa chuo na nilikuwa nalala kwake, kwa hiyo nilipewa kazi ya daftari.

Bibi aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hakujua nyingine. Watoto wa chuo walisoma herufi hizo pia, lakini kwa Kurani. Kiswahili kikiandikwa kwazo kiliwachanganya, kwa sababu mwandiko wa Bibi haukutenga o na u, wala e na i, na msomaji alitakiwa kuyajua maneno kabla ya kuyasoma. Kazi yangu ilikuwa kuyahamisha kwenye herufi za shule, kisha kumsomea kwa sauti. Yeye alisikiliza huku akisuka ukili, na vidole vikisimama nilijua kuna neno halikumridhisha.

Hakuanza na ubeti. Alianza na kiitikio, na kwa muda mrefu hatukuwa na kingine. Alisema kaswida ya mkutano hutungwa kutoka nyuma kuja mbele: ukishapata maneno ya watu wengi ndipo unatafuta maneno ya mtu mmoja. Wengi hufanya kinyume. Hutunga beti nzuri, ndefu, zenye maana nzito, halafu wakabandika kiitikio mwishoni kama kiraka, na usiku wa maulidi watu hukiitikia mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili kwa kunong'ona, mara ya tatu hawaitikii. Alikuwa ameshaona hivyo kwenye maulidi mengi, na alikuwa na hakika kwamba kosa si la watu.

Kiitikio cha kwanza alichokijaribu kilikuwa hiki:

Rehema pia amani,
zimshukie Amini.

Ukihesabu, kila mstari una mizani nane kamili. Zi-m-shu-ki-e-A-mi-ni: hiyo m ya katikati inahesabiwa peke yake, kama ilivyo kawaida ya ushairi wetu. Karatasini hakuna cha kulaumu. Lakini Bibi alinituma nikawaite watoto wa jirani, akawapa matwari, akawaambia waimbe. Mambo mawili yakajitokeza papo hapo.

La kwanza ni hiyo m. Mtu akisoma peke yake huipa nafasi yake, ila watu wengi wakiimba pamoja, nusu wanaitamka na nusu wanaimeza, na mstari unapasuka vipande viwili ambavyo havikutani tena mpaka mwisho. La pili ni pigo. Mahadhi aliyoyachagua yalikuwa na pigo zito kwenye mizani ya tatu na ya saba. Mizani ya saba haina shida, kwa kuwa Kiswahili chenyewe hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na katika mstari wa mizani nane hapo ndipo panapoangukia. Tatizo ni ya tatu. Katika neno "rehema" mkazo uko kwenye he, ambayo ni mizani ya pili, na twari likapiga kwenye ma. Watoto wakajikuta wanasema "rehemá", kama neno la lugha nyingine. Bibi aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akawapa tende, akaniambia nifute.

Akaongeza jambo la tatu ambalo mimi nisingelijua. Kina cha -ni humfunga mtu midomo. Irabu i huimbwa kwa meno yaliyokaribiana. Mzee asiye na pumzi hawezi kuivuta, na mkutano ukiivuta hutoka sauti nyembamba isiyofika nyuma ya pazia. Alitaka kina kinachoishia na a, mdomo wazi. Akatafuta konsonanti ya kuitangulia, na akachagua m, kwa sababu akiangalia sira nzima ya Mtume aliona maneno mazito yamekusanyika hapo: yatima, mama, Halima, neema, rehema, kusimama, salama. Alisema kina hicho kimeshaandikwa katika maisha ya Mtume tangu tumboni, yeye anakiokota tu.

Baada ya hapo kiitikio kilikuja upesi:

Sala zetu na salama,
kwako ya Nabii mwema.

Hesabu mizani: sa-la-ze-tu-na-sa-la-ma. Ya tatu ni ze, na ndiyo inayobeba mkazo wa "zetu". Ya saba ni la ya "salama". Mstari wa pili: kwa-ko-ya-Na-bi-i-mwe-ma. Pigo zito la tatu linaangukia kwenye "ya" ya kuita, mahali panapofaa kwa mtu anayeita kwa nguvu, na la saba kwenye "mwema". Zile i mbili za "Nabii", ambazo mtu asiye makini angezibana ziwe moja, zimekaa mahali ambapo mahadhi yana mvuto, kwa hiyo sauti yenyewe inazinyoosha. Hakuna m inayosimama peke yake. Hakuna neno linaloishia na konsonanti. Hakuna neno ambalo mtoto wa miaka mitano hajawahi kulisikia.

Kabla ya kukubali "Nabii" alitamani sana neno "Tumwa", kama lilivyotumika katika tenzi za zamani alizolelewa nazo: "kwako Tumwa wa rehema" nayo ni mizani nane. Aliliacha kwa sababu vijana wa mji na wageni wa bara wangesikia kitu kingine kabisa katika neno hilo, na hakutaka hata mtu mmoja akae pale ameudhika au amechanganyikiwa wakati wenzake wanamsalia Mtume.

Umbo la beti lilifuata kiitikio. Alichagua la utenzi: mistari minne ya mizani nane, mitatu ya kwanza ikiwa na kina kimoja kinachobadilika kila ubeti, na wa nne ukiishia na -ma daima. Hapo ndipo nilipoona ustadi wake. Msikilizaji asiyejua ubeti hata mmoja anasikia mistari mitatu inayofanana, kisha wa nne unageuka na kutua kwenye -ma, na hiyo -ma ni ile ile iliyoko mwisho wa kiitikio chake. Sikio linamwambia: zamu yako. Haihitajiki mtu wa kupunga mkono wala kusema "itikieni". Katika majaribio, watoto wadogo ambao hawakufundishwa chochote walianza kuingia mahali sahihi kuanzia ubeti wa tatu.

Ubeti wa kufungulia ulikuwa huu:

Twaanza na jina lake,
asiye na mwenza wake,
sifa zote ni za kwake,
Mola mwingi wa neema.

Kisha ukaja uyatima. Nimesikia kaswida nyingi zinazoanza na nuru, mwezi, lulu na waridi, na ni nzuri, lakini Bibi hakutaka kuanza huko. Alisema sifa za Mtume ni bahari, na kila mtunzi achote mahali ambapo mji wake una kiu. Katika mtaa wetu kulikuwa na watoto wengi waliolelewa na wasio wazazi wao, na yeye mwenyewe alifiwa na baba kabla hajatembea.

Baba alitangulia,
mwana bado hajalia,
Amina akabakia
na mimba yake yatima.

Mstari wa kwanza, nilipomsomea, ulinikwaza masikioni. Ba-ba-a-li-ta-ngu-li-a. Nikauhesabu tena kwa vidole, ni nane, ila a mbili zinakutana katikati na mwimbaji asiyeangalia huziunganisha. Bibi alijua. Alisema beti si za mkutano, ni za mtu mmoja, na mtu huyo atafundishwa. Ugumu kidogo ukiwa kwa mwimbaji si neno. Ukiwa kwa watu ni msiba. Tofauti hiyo aliishika katika kaswida yote: kwenye beti alijiruhusu miunganiko ya irabu, m za peke yake, hata majina ya miji ya Arabuni; kwenye kiitikio hakujiruhusu kitu.

Beti zilipofika 12 alizipeleka kwa Maalim wa chuo azipitie. Hiyo ilikuwa desturi, na naiona bado ni desturi ya haki, kwa sababu maneno ya sifa yakiimbwa na mji mzima huwa itikadi ya mji mzima. Maalim alikuja baraza ya Bibi baada ya alasiri, nikamwamkia, akaitika marahaba, akaketi na daftari langu mapajani. Alisoma kimya mpaka ubeti wa Halima, ambao wakati huo ulikuwa hivi:

Walezi walipofika,
yatima hakupendeka,
mikono ikanyooka,
mikono yake Halima.

Habari yenyewe inajulikana. Wanawake wa Banu Saad walikuja Makka kutafuta watoto wa kunyonyesha, na hawakumtaka mtoto asiye na baba kwa kuwa malipo na zawadi zilitarajiwa kwa baba. Halima naye alisita mwanzoni, kisha akamchukua, na baraka ikaingia nyumbani kwake.

Maalim akasema, "Bi Mkubwa, maneno ni mazuri, lakini hapa pana neno moja."

"Liseme, Maalim."

"Hakupendeka. Aliyesikia anaweza kudhani upungufu ulikuwa kwa mtoto."

Bibi akaweka ukili chini. Hakubishana, wala hakuchukua muda. Akaniambia niandike, "yatima hawakutaka." Mizani ni ile ile nane, kina ni kile kile cha -ka, na upungufu umehama kutoka kwa mtoto ukawakalia walezi, mahali pake. Maalim akacheka kwa furaha, akaomba kahawa. Nimeshahariri maandishi mengi tangu siku hiyo, ya aina nyingi, na sijaona rekebisho dogo lililofanya kazi kubwa zaidi ya lile.

Maalim alihoji jambo jingine moja. Aliuliza kwa nini jina lenyewe la Mtume halimo katika ubeti hata mmoja. Yuko "mwana", yuko "yatima", yuko "Nabii mwema", lakini halitajwi jina. Bibi akamjibu kwamba jina likitajwa, kila Mwislamu aliyekaa pale atamsalia, na ni wajibu wake na ni adabu yake. Jina likiwa katikati ya mstari, sala ya mamia ya watu itaufunika mstari unaofuata, na mwimbaji ama atanyamaza asubiri, pigo lipotee, ama ataendelea na asisikike. Kwa hiyo sala yote imekusanywa kwenye kiitikio. Watu wanamsalia baada ya kila ubeti, kwa sauti, kwa pamoja, na hakuna anayelazimika kuchagua kati ya kumsalia na kusikiliza habari zake. Maalim aliliridhia hilo, na akasema atawaambia wasomaji wa mitaa mingine.

Ubeti wa kifo cha mama wa Mtume ndio uliomsumbua Bibi zaidi. Amina alifariki njiani, mahali paitwapo Abwaa, kati ya Makka na Madina, Mtume akiwa na miaka sita. Bibi aliuandika na kuufuta mara nyingi, na wakati mwingine aliamka usiku akaniambia niwashe koroboi. Alichoogopa ni kulia kwa maneno. Alisema ukiweka "huzuni", "majonzi" na "machozi" katika ubeti mmoja, msikilizaji hana la kufanya, umeshamfanyia kazi yake. Mwishowe ukabaki na habari tupu:

Njiani pale Abuwa
Amina akauguwa,
miaka sita kajuwa
ya kwamba hanaye mama.

Mtindo wa kuandika "akauguwa" na "kajuwa" kwa w ulikuwa wake, kufuata washairi wa zamani, ili kina kionekane na jicho pia. Katika majaribio, wanawake waliokuja kusikiliza waliacha kuitikia baada ya ubeti huu. Si kwamba walisahau. Sauti ziliwakatika. Bibi alilitazama jambo hilo kama fundi anavyotazama paa linalovuja, akapata dawa: baada ya ubeti huu matwari yanyamaze, kiitikio kiimbwe na watoto peke yao mara moja, ndipo watu wote warudie mara ya pili. Mara ile moja iliwapa watu wazima nafasi ya kuvuta pumzi.

Kulikuwa pia na ubeti ambao kazi yake ilikuwa kusimamisha watu. Katika maulidi, msomaji akifika kwenye habari ya kuzaliwa, mkutano wote husimama, ndicho kiyamu. Mrashi unapita, chetezo cha udi kinapita, na wasomaji wana maneno yao ya Kiarabu ya tangu zamani ambayo Bibi hakutaka kuyagusa. Lakini kila mwaka kusimama kwenyewe kulikuwa kwa fujo: wa mbele wanasimama, wa nyuma hawajui, wanawake wanasimama wa mwisho kwa kuona vivuli vinanyanyuka. Akatunga ubeti wa kuimbwa kabla tu ya hapo:

Usiku ulipokwisha
nuru ikatuamsha,
furaha ikatuvisha,
sote sasa twasimama.

Mstari wa nne ukawa amri na sifa kwa pamoja. Kiitikio baada yake huimbwa watu wakiwa wanainuka, na kikiisha wote wako wima, kisha msomaji wa Barzanji anapokea bila mwanya.

Baada ya kiyamu, kaswida iliendelea na miujiza michache. Alioupenda Bibi ni ule wa gogo la mtende ambalo Mtume alikuwa akiliegemea akihutubia katika msikiti wa Madina. Alipotengenezewa mimbari na kuliacha, gogo lile lilisikika likilia, mpaka akashuka akalikumbatia likatulia.

Gogo la mtende kale
aliegemea lile,
likalia kwa kelele
mimbari aposimama.

Kwenye ubeti huu alimwambia mwimbaji ashushe sauti badala ya kuipandisha, ingawa neno "kelele" linavuta juu. Sauti ya mti ni ya chini, alisema.

Mwimbaji alikuwa binti mkubwa wa chuo, mwenye sauti nene kuliko wenzake. Bibi alimchagua kwa unene huo, na aliwapita wasichana wawili wenye sauti nyembamba na tamu. Sababu yake ilikuwa ya mkutano tena: mwimbaji akianza juu, watu humfuata juu, na sauti ya kundi hupanda kidogo kidogo kila ubeti bila mtu kutambua. Kaswida ya beti 12 ikianzia juu, kufika ubeti wa nane wanaume wazee wamenyamaza, wa kumi watoto wanapiga kelele. Kwa hiyo mazoezi yake yalikuwa ni kuanzia chini, chini kiasi kwamba ubeti wa kwanza unasikika kama mtu anayezungumza, na kuacha nafasi ya kupanda.

Matwari nayo yalikuwa na mambo yake. Ngozi ya mbuzi karibu na mto na bahari hunywa unyevu wa usiku, ikalegea, na pigo zito likageuka kuwa kishindo kisicho na mlio. Kijana mmoja alikaa na jiko la makaa nyuma ya wapigaji, na kila mlango wa Barzanji uliposomwa yeye aliyapasha moto mawili matatu kwa zamu, akiyajaribu kwa kidole karibu na sikio. Ukilipasha mno, ngozi hupasuka. Alilijua kwa mlio: ukianza kuwa mkali kama bati, anaondoa.

Kilichobaki kilikuwa pazia. Wanawake walikuwa nyuma kabisa, mbali na matwari, na sauti iliwafikia ikiwa imechelewa kidogo, nao wakaitikia kwa kuchelewa kidogo tena, ikawa kama mkutano una mkia. Bibi aliujua mkia huo kwa miaka mingi, kwa sababu yeye mwenyewe alikaa huko nyuma. Safari hii hakujaribu kuwaharakisha wanawake. Alikigawa kiitikio. Wanaume waliimba "Sala zetu na salama", wanawake wakapokea "kwako ya Nabii mwema", kisha mara ya pili wote kwa pamoja. Wanawake wakawa hawafuati tena, wanajibu. Na anayejibu haonekani amechelewa. Matwari yakasogezwa kutoka mbele hadi katikati, karibu na pazia, ili pande zote mbili zisikie pigo moja.

Usiku wenyewe wa mwezi 12 Mfungo Sita karabai ziliwashwa mapema, na kivuko kilivusha watu wa Bweni mpaka giza likaingia. Baada ya mlango wa kwanza wa Barzanji, binti yule alisimama karibu na pazia. Kiitikio alikiimba mwenyewe mara mbili, polepole, pasipo twari, halafu watoto wa chuo wakakirudia. Bibi alikuwa amewatawanya wawili wawili katika pembe zote, si kundi moja mbele, ili kila mtu mzima awe na mtoto karibu wa kumfuata. Ubeti wa kwanza uliitikiwa na watoto na wanawake wachache. Wa pili, sauti za wanaume zikaanza. Ulipofika ubeti wa Halima, kile kipande cha "mikono yake Halima" hakikuwa hata kimekwisha na mkutano mzima ulikuwa umeshaingia, wafanyakazi wa mkonge waliokuwa wamekaa pembeni karibu na barabara wakiwa na sauti kubwa kuliko wote, na tulisikia kiitikio kikigonga kuta za nyumba za ng'ambo ya barabara na kurudi. Niliinua pazia kidogo nikamwona mzee mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akiimba chochote, amefumba macho, kiganja kinapiga goti lake kwenye mizani ya tatu na ya saba.

Ubeti wa mwisho ulikuwa dua, na Bibi aliutunga kwa ajili ya wale wa barabarani:

Yarabi tupe umoja,
na kila aliyekuja
umpe lake la haja
na mwisho ulio mwema.

Watu walikataa kuacha. Kiitikio kilirudiwa na kurudiwa baada ya beti kwisha, mpaka Maalim akanyanyua mikono na kuanza dua ya kufungia, na hata hapo watu wa pembeni walikuwa wangali wanamalizia "mwema".

Mwaka uliofuata watu wa Bweni waliichukua kwa maulidi yao. Kabla ya kuiimba walimtuma kijana kwa Bibi na ubeti walioutunga wao, wavuvi, wakaomba ruhusa ya kuuingiza. Mstari wao wa tatu ulikuwa "tunakuomba ya Manani." Bibi akauimba kwa mdomo uliofungwa, akagonga pigo kwenye mkeka, akasikia mizani ya tisa inaning'inia. Akamwambia kijana, "Mwanangu, toa tuna, weka twa." Kijana akaondoka na ubeti wenye mizani nane kila mstari, na tangu hapo pande zote mbili za mto huuimba kabla ya ule wa dua:

Na sisi wa baharini,
tutokao usikuni,
twakuomba ya Manani
turudi hali salama.